Faili Likifika Bila Wewe

Binamu yangu ana karakana ya useremala Kihonda, Morogoro. Mwaka jana shule moja ilimwomba bei ya madawati 60. Akaituma siku ileile kwa barua pepe yenye maneno mawili tu, "Nimeambatisha. Asante," na mafaili matatu: Scan_0003.pdf, IMG_20250604_101522.jpg na profoma mpya final.docx. Wiki mbili zikapita kimya. Alipopiga simu, mhasibu akamwambia kwa upole kwamba profoma yake haionekani. Kumbe ilikuwemo. Mhasibu alikuwa ameyahifadhi mafaili yote ya wauzaji katika folda moja, na humo alikuta profoma mpya tatu na Scan_0003 mbili.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu binamu yangu hakukosea bei wala hakuchelewa. Alisahau kwamba faili likishapakuliwa huachana na barua iliyolileta. Huko linakokwenda halina anwani ya mtumaji wala tarehe ya kutumwa, lina jina lake tu. "Profoma mpya" ina maana kwenye kompyuta ya fundi, anayejua ipi ni ya zamani. Kwa mhasibu haina maana yoyote, kwa kuwa kila muuzaji anamletea iliyo mpya.

Kwa hiyo jina litungwe kwa macho ya mpokeaji: ni hati gani, ya kitu gani, kutoka kwa nani, ya lini. Binamu yangu sasa anaandika hivi:

```
2025-06-04_Profoma_Madawati-60_Kihonda.pdf
```

Tarehe inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 4 Juni itakaa jirani na 4 Januari. Tena mkwaju, ile alama ya kugawanya tarehe, Windows haiukubali ndani ya jina la faili, ndiyo maana panatumika kistari. Herufi tatu au nne za mwisho, kama .pdf, usiziguse, maana ndizo zinazoiambia kompyuta ifungue faili kwa programu gani. Na bei ni afadhali iende kwa PDF kuliko kwa hati ya kuandikia, ambayo kwenye simu ya mtu mwingine jedwali lake linaweza kuvurugika.

Jina zuri peke yake halitoshi. Mwalimu mkuu huenda anasoma barua yako akiwa kwenye daladala, kifurushi chake cha intaneti kikiwa ukingoni. Mpe jibu ndani ya barua yenyewe, ili faili liwe ushahidi wa kile alichokwisha kukielewa. Tuliketi na binamu yangu tukaiandika upya:

"Mwalimu Mkuu, habari za kazi. Naambatisha mafaili matatu kuhusu madawati 60 mliyoulizia. La kwanza ni profoma, ukurasa mmoja: kila dawati Sh 85,000, jumla Sh 5,100,000, usafiri hadi shuleni ukiwemo, bei hii ni hadi 30 Juni. La pili ni picha ya dawati la mfano. La tatu ni nakala ya leseni ya biashara. Naomba jibu lenu kabla ya 13 Juni ili niwahi kununua mbao."

Tazama neno "matatu". Mpokeaji akihesabu mawili, anajua mara moja kwamba moja limebaki, naye atauliza. Usipotaja idadi, atadhani hayo mawili ndiyo yote. Mimi huambatisha mafaili kwanza, naandika barua, na anwani ya mpokeaji naiweka mwisho, ili barua isiponyoke kabla haijakamilika.

Picha za simu ndizo huleta uzito. Gmail inaruhusu kutuma viambatisho vya hadi megabaiti 25 kwa jumla. Vikizidi, inaviweka kwenye Drive na kutuma kiungo. Hapo hakikisha mpokeaji ameruhusiwa kukifungua, la sivyo atakutana na mlango uliofungwa na ombi la ruhusa litakusubiri wewe.

Jambo jingine huwapata wengi: ukibonyeza kujibu, viambatisho vya barua ya awali kwa kawaida haviendi, ukiisambaza kwa mtu mwingine, vinakwenda. Mtu mpya akiongezwa katikati ya mazungumzo, anasoma habari za profoma asiyokuwa nayo. Mwambatishie tena.

Na bei ikibadilika, binamu yangu hatumi faili jipya kwa jina lilelile. Anaongeza Toleo-2 mwishoni mwa jina, kisha kwenye barua anaandika kilichobadilika: "Bei ya dawati imeshuka kutoka Sh 85,000 hadi Sh 82,000, jumla sasa ni Sh 4,920,000. Mengine yako vilevile. Tafadhali futeni profoma ya 4 Juni."