Nakala Ipo, Lakini Inarudi?

Chukua SACCOS yenye wanachama 400 na mfumo mdogo wa akiba na mikopo. Programu, hifadhidata ya PostgreSQL na nakala rudufu za kila usiku vyote vimo kwenye seva moja ya kukodi. Kwa kuwa hakuna anayelalamika, hakuna anayeukagua.

Mwongozo wa ukaguzi wa namna hii ulitolewa na Amazon Web Services mwaka 2015, na sasa una nguzo sita: uendeshaji, usalama, uthabiti, utendaji, gharama na uendelevu. Kwa mfumo kama huu, mimi huanzia kwenye uthabiti, na swali la kwanza namuuliza mwenyekiti, simuulizi fundi. Seva ikifa leo, mko tayari kupoteza kumbukumbu za muda gani, na mnaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani?

Tuseme anajibu kwamba miamala ya siku moja inaweza kuingizwa upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, na ofisi inaweza kuvumilia nusu siku. Jibu hilo limegusa gharama pia: seva ya pili ya akiba, ambayo ingekaribia kuongeza bili maradufu, haihitajiki. Kinachohitajika ni nakala ya usiku inayoaminika.

Basi tuitazame:

```
ls -lh /var/backups/sacco/
```

Mafaili ya karibuni yapo, kila moja na tarehe yake, lakini ukubwa wake ni 0. Nakala za zamani hazikuwahi kufutwa, zikaijaza sehemu ya diski iliyotengewa nakala. Kila usiku faili jipya linafunguliwa, kisha `pg_dump` inakosa nafasi ya kuandika. Ujumbe wa hitilafu unaishia kwenye barua za ndani ya seva ambazo hakuna azisomaye. Hapo nguzo ya uendeshaji ndiyo iliyoanguka: kazi ilishindikana na hakuna mtu aliyepata habari.

Marekebisho yake si makubwa. Nakala zipelekwe nje ya seva, za zamani zifutwe kwa ratiba, na kazi ikishindikana fundi apate ujumbe kwenye simu. Ila nakala ikishatoka nje, usalama unaingia, maana imebeba majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Ifungwe kwa usimbaji, na ufunguo usikae kwenye seva hiyo peke yake, kwani seva ikifa utakufa nayo. Seva iruhusiwe kuongeza nakala tu bila uwezo wa kuzifuta, ili mvamizi akiiteka asifute pia kinga yenu ya mwisho.

Kisha rudisheni nakala moja kwenye mashine tupu huku mkiangalia saa. Ikichukua saa tatu, nusu siku ya mwenyekiti inatosha. Ikichukua saa tisa, arudishiwe swali lake kabla hamjanunua chochote. Zoezi hilo lifanywe kila baada ya miezi mitatu, na alifanye mtu mwingine, si yule aliyeandika hati ya nakala, akifuata maelezo yaliyoandikwa tu.