MOTO KATIKA NYUMBA YENYE KARAFUU



Msimu ukifika, wengi wetu huweka magunia ya karafuu kavu katika chumba cha mbele, na wenyewe twalala vyumba vya nyuma. Twafanya hivyo kwa kuogopa wezi na mvua. Lakini yafaa kufahamu kwamba kwa mpango huo magunia na makonyo, ambavyo hushika moto upesi, vimewekwa kati ya watu waliolala na mlango wa kutokea.

Tuseme nyumba ina vyumba vitatu, kuta za mawe na udongo, na paa la bati. Kuta za kati hazikufika juu, zimeachwa wazi ili hewa ipite. Madirisha yana nondo, na mlango wa uwani hufungwa kwa kufuli usiku. Soketi iko chumba cha karafuu. Kutoka hapo waya mwembamba wa kurefushia umepita chini ya magunia mpaka chumba cha pili, nao hutumiwa kwa birika la umeme na pasi.

Kwanza tutazame waya. Birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 lataka karibu ampea 9, na pasi ya wati 1200 yataka ampea 5 na kidogo. Vikiwaka pamoja ni karibu ampea 14. Waya wenye shaba ya milimita mraba 0.75 wafaa kwa ampea 6 tu. Watu hudhani fyuzi ya ampea 13 iliyomo katika plagi itakatika. Haikatiki, maana fyuzi hiyo yaweza kuchukua ampea 14 kwa saa nyingi. Wakati huo waya wapata moto, na magunia yaliyoulalia yazuia joto lisitoke. Fyuzi huchaguliwa kwa kadiri ya waya, na waya huu wataka fyuzi ya ampea 5. Ikiwa fyuzi hiyo yakatika kila mara, dawa yake ni waya mnene wa milimita mraba 1.5 wenye fyuzi ya ampea 13, upite mahali pa wazi, na birika na pasi visitumiwe pamoja. Kamwe usitie msumari au kipande cha waya mahali pa fyuzi.

Dalili za hatari ni plagi kuwa ya moto mkononi, soketi kugeuka rangi ya kahawia, au harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua. Ukiona moja, zima swichi kubwa kisha umwite fundi. Na moto wa umeme usiumwagie maji kabla umeme haujazimwa.

Pili, moshi. Moto ukianza katika magunia, moshi hupanda mpaka chini ya bati, hupita juu ya kuta fupi, kisha hushuka vyumbani. Aliyelala haamshwi na harufu yake, bali humlevya na kumwua kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo ukuta wa chumba cha karafuu ujengwe mpaka ukutane na bati, na nafasi zilizo kati ya boriti zizibwe kwa udongo, maana udongo hauungui. Pasipoweza kujengwa, mbao za jasi zafaa. Karibu sehemu moja katika tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungamana nayo, na mpaka maji hayo yaishe kwa kuchemka, upande wa pili haupati joto kali. Lakini tundu moja la kupitisha waya likiachwa wazi, kazi yote ni bure. Mlango nao uwe wa mbao nzito, ufungwe kila usiku.

Haya hayazimi moto, hukupa dakika za kutoka tu. Na ikiwa paa ni la makuti, moto utapita juu ya ukuta wo wote, na hapo njia ya pili ya kutokea ndiyo tegemeo.

Njia hiyo ni mlango wa uwani. Ondoa kufuli, weka komeo lifunguliwalo kwa mkono kutoka ndani. Katika kila chumba cha kulala, nondo za dirisha moja zitiwe katika fremu yenye bawaba na komeo la ndani lisilotaka ufunguo. Nafasi yake isipungue upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 75, ili mtu mzima apite.

Kisha jaribuni usiku, taa zimezimwa, kila mmoja atoke kwa kutambaa, kwani hewa njema hubaki chini karibu na sakafu. Mtoto asiyeweza kufungua komeo apewe mtu mzima wa kumtoa. Chagueni mahali pa kukutania nje mpate kuhesabiana, na aliyekwisha kutoka asirudi kufuata gunia.