Kwa Nini SQLite Hukataa Kuandika Hata Ukiiambia Isubiri

Tuchukue duka la dawa lenye kompyuta moja ofisini. Hifadhidata yake ni faili moja, `duka.db`, linalotumiwa na programu tatu: moja ya kaunta inayorekodi mauzo, nyingine inayopokea taarifa za malipo ya simu, na ya tatu inayotoa ripoti. Siku wateja wakijaa, muuzaji anabonyeza kitufe cha kuuza, na kwenye skrini yanatokea maneno `database is locked`. Akibonyeza tena, mauzo yanapita. Kwa kuwa kosa linaondoka lenyewe, wengi hulipuuza mpaka siku dawa iliyouzwa inapokosekana kwenye hesabu.

Hakuna kilichoharibika. SQLite haina seva inayosimama katikati na kupanga zamu. Kila programu hulifungua faili yenyewe, na makufuli ya mfumo endeshi ndiyo yanayozuia zisigongane. Wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja tu, na ruhusa yake inashika faili zima. Anayeandika kwenye jedwali la malipo anamzuia hata anayetaka kuandika kwenye jedwali la mauzo.

Katika hali ya kawaida, mabadiliko huandikwa ndani ya faili kuu lenyewe. Kwa hiyo mwandishi anapofika hatua ya kukamilisha lazima asubiri wasomaji wote watoke, na akishaingia, hakuna anayeweza kusoma. Ripoti ya dakika nzima inatosha kuizuia kaunta. Tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010 kuna njia nyingine, WAL, ambayo huwashwa hivi:

```
PRAGMA journal_mode = WAL;
PRAGMA busy_timeout = 5000;
```

Katika WAL, kurasa mpya haziingii kwenye faili kuu mara moja. Huongezwa mwishoni mwa faili la pembeni, `duka.db-wal`, kama karani anayeandika mauzo ya leo kwenye daftari dogo huku kitabu kikubwa kikibaki wazi kwa wanaokisoma. Kila msomaji huona hali ya hifadhidata kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, hata mwingine akiandika wakati huohuo. Ripoti haiizuii kaunta tena, wala kaunta haiizuii ripoti. Lakini waandishi wawili bado hawawezi kuandika pamoja. Hapo WAL haijabadilisha kitu.

Mstari wa pili ndio unaohusu waandishi hao. Unaiambia SQLite kwamba ikikuta kufuli limeshikwa, isirudishe kosa papo hapo bali ijaribu tena na tena hadi milisekunde 5000, yaani sekunde 5. Bila agizo hilo SQLite yenyewe haisubiri hata kidogo, ingawa maktaba ya Python huweka sekunde 5 bila kuombwa. Kuna tofauti inayowaponza wengi hapa: WAL hubaki ndani ya faili ukishaiwasha mara moja, lakini muda wa kusubiri ni wa muunganisho mmoja tu. Kila programu, na kila muunganisho inaoufungua, inapaswa kuuweka upya.

Mpaka hapa ndipo maelekezo mengi huishia, na ndipo tatizo gumu zaidi linapoanza. Mwenye duka ameweka mistari yote miwili, na kosa bado linatokea, tena kwa kufumba na kufumbua, bila hizo sekunde 5 kupita. Tuangalie programu ya kaunta inavyofanya kazi:

```
BEGIN;
SELECT idadi FROM dawa WHERE id = 42;
UPDATE dawa SET idadi = 11 WHERE id = 42;
COMMIT;
```

`BEGIN` ikiwa peke yake haichukui kufuli lolote. `SELECT` ndiyo inayoufanya muamala huu kuwa msomaji, na inasoma kwamba zimebaki pakiti 12. Kabla ya kufika `UPDATE`, programu ya malipo inathibitisha oda ya pakiti 2, inaandika 10 na kukamilisha. Sasa kaunta inataka kuandika 11, kwa hesabu iliyoifanya kutoka kwenye 12. SQLite ikikubali, zile pakiti 2 zitafutika kwenye hesabu kana kwamba hazikuuzwa. Kuisubirisha nako hakusaidii, kwa sababu hata baada ya saa nzima kaunta bado itakuwa imeshikilia picha ya zamani. Ndiyo maana SQLite inakataa palepale bila kuutazama muda wa kusubiri. Hukataa vilevile kama mwandishi mwingine bado yumo kazini wakati msomaji anapotaka kugeuka mwandishi. Kwa maoni yangu kosa hili ni ulinzi, na anayelificha kwa kurudia `UPDATE` ileile ndani ya muamala uleule atakataliwa kila mara.

Dawa yake ni kutangaza nia ya kuandika tangu mwanzo:

```
BEGIN IMMEDIATE;
```

Agizo hili linaomba ruhusa ya kuandika kabla ya kusoma chochote. Kama programu ya malipo imeishika ruhusa hiyo, kaunta inasubiri, na safari hii zile sekunde 5 zinafanya kazi kweli. Ikipata zamu, inasoma 10 na kuandika 9. Kila muamala unaosoma kisha kuandika unapaswa kuanza hivi, ila ule wa kusoma tu ubaki na `BEGIN` ya kawaida, la sivyo ripoti nayo itawazuia waandishi bure. Panapowezekana, njia nyepesi zaidi ni kuacha hesabu ifanywe na hifadhidata yenyewe kwa amri moja, `SET idadi = idadi - 1`, bila kusoma kwanza.

Ili kujua ni kosa gani limekupata, pima muda lililochukua kutokea. Likitokea mara moja, ama muunganisho huo haukuwekewa muda wa kusubiri, ama ni msomaji aliyetaka kugeuka mwandishi. Katika Python kuanzia 3.11, `sqlite_errorname` ya kosa ikionyesha `SQLITE_BUSY_SNAPSHOT`, ujue ni picha ya zamani: fanya `ROLLBACK` na uanze muamala upya. Likitokea baada ya sekunde 5 kamili, kuna mtu ameshikilia ruhusa muda mrefu mno. Mtafute. Mara nyingi utakuta ni programu iliyofungua muamala, ikaandika, kisha ikaenda kutuma ujumbe wa simu na kungoja jibu la mtandao kabla ya `COMMIT`. Kuandika kwenyewe huchukua milisekunde chache, lakini mtandao unaweza kuchukua sekunde kumi. Kamilisha kwanza, halafu utume. Kuongeza muda wa kusubiri hadi dakika nzima hapa kutamfanya muuzaji aikodolee macho skrini tu.

WAL ina masharti yake pia. Kwa kawaida daftari la pembeni likifika kurasa 1000, takriban megabaiti 4, SQLite huhamishia kurasa zake kwenye faili kuu, lakini haiwezi kuvuka mahali ambapo msomaji bado anapahitaji. Muamala wa ripoti ulioachwa wazi usiku kucha utalikuza faili la `-wal` bila kikomo. Usinakili `duka.db` peke yake kama nakala ya akiba, maana mauzo ya karibuni huenda bado yamo kwenye `-wal`; tumia `VACUUM INTO`. Na programu zote ziwe kwenye kompyuta moja, kwa kuwa WAL hutegemea kumbukumbu ambayo programu hizo hushiriki, na folda ya mtandao haiwezi kuitoa.

Ukishafanya haya yote na kosa likabaki, waandishi wako wamezidi. SQLite haina foleni: wanaosubiri hulala kidogo na kujaribu tena, na anayeamka wakati mbaya anaweza kupitwa na wengine hadi muda wake uishe. Hapo acha programu moja tu iandike, na nyingine ziipelekee maombi yao.