Ipi itoke, ipi ibaki: barua kwa mzee wa Katwe

"Mzee wetu, salamu nyingi. Sauti uliyotupa bado iko mikononi mwetu, haijaenda hewani. Tunaomba utuambie ipi itoke na ipi ibaki."

Hivyo ndivyo inavyoanza barua ya kurasa mbili niliyoonyeshwa Kasese na mtayarishaji wa vipindi vya redio. Nilikuwa nimefuata habari za bei ya chumvi. Bei nikaisahau. Mzee alikuwa ameshakubali kuhojiwa, ameongea karibu saa mbili, amecheka, amewakaribisha chai. Kwa nini basi aombwe ruhusa upya?

"Alikubali kuongea na mimi," mtayarishaji akanijibu. "Siku ile barazani tulikuwa watu watano. Redio yetu inasikika mpaka Bwera, na ng'ambo ya mpaka wanaipata. Kuongea na watano si kuongea na wilaya nzima."

Jina lake silitaji, wala la mzee, kwa sababu ombi lenyewe bado halijajibiwa lote.

Barua haiombi ruhusa moja, na hapo ndipo iliponinasa. Imeikata rekodi vipande vitatu, na kila kipande kina maswali yake manne: tukitangaze mara moja? Tukirudie miaka ijayo? Tukiweke kwenye intaneti, mahali ambapo mtu wa nchi yoyote anaweza kukichukua? Tukichape kitabuni? Chini ya kila swali pana nafasi ya ndiyo, hapana, au "bado". Neno hilo la tatu mtayarishaji ndiye aliyelidai. Mzee akikaa kimya, anasema, mjini watu husema amekubali, lakini huku kimya cha mzee mara nyingi ni adabu ya kukataa. Akipewa neno la kuahirisha, hahitaji kunyamaza.

Kuna pia jambo la kusoma. Mzee hasomi, na mtayarishaji hakutaka barua isomwe na mtu wa redio, maana mgeni akikusomea ombi lake mwenyewe ni vigumu kumwambia hapana usoni. Kwa hiyo bahasha ilipanda bodaboda pamoja na memori kadi ya kuchomeka kwenye vile viredio vidogo vinavyouzwa kila soko. Sauti ya kwanza kwenye kadi ni barua yenyewe, ikisomwa taratibu kwa Kikonzo, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani. Zinazofuata ni vile vipande vitatu, kila kimoja peke yake, bila muziki na bila kuhaririwa. "Asikie ninachokiomba, si ninachomwelezea," anasema. "Watu hutia dole gumba kwenye karatasi wakidhani wameruhusu hadithi ya chumvi, kumbe ndani mna jina la shemeji."

Kipande cha kwanza ni chepesi. Mzee anasimulia jinsi chumvi inavyovunwa: vitalu vilivyochimbwa kando ya ziwa na kutengwa kwa kuta za tope na miti, maji yanayokaushwa na jua la kiangazi, wanawake wakikwangua chumvi ya kula, wanaume wakiingia ziwani na vyuma kuvunja ile ya mawe inayolishwa mifugo. Anasimulia pia kiwanda kilichojengwa na Wajerumani, ambacho magofu yake bado yamesimama pale kwa sababu mabomba yaliliwa na maji yaleyale yaliyotakiwa kuyapitisha. Hapo mzee alijibu ndiyo mara nne, na akauliza kipindi kitarushwa siku gani.

Kipande cha pili kina dakika nane tu, nami nilizisikiliza zaidi ya mara moja. Mzee anavitaja vitalu kimoja kimoja: nani alichimba, nani alioa kwa nani, mpaka ulisogezwa lini baada ya mvua kubomoa kuta. Katwe kitalu hurithiwa ndani ya ukoo, na ukuta wa tope hauna hati. Mtayarishaji alimuuliza wakili mmoja, akaambiwa jambo lililomkosesha usingizi. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Uganda, maneno ya mtu aliyekwisha kufa kuhusu nani ni ndugu wa nani yanaweza kupokelewa mahakamani, ilimradi aliyasema kabla ugomvi haujazuka. Rekodi ya leo, wakati watu bado wanasalimiana, inaweza kuwa na uzito kesho wakishashtakiana.

"Kwa hiyo nimeshika nini?" akauliza. "Kipindi, au shahidi?"

Barua inamweleza mzee hatari hiyo kwa mistari minne, bila kumtisha na bila kuipamba. Kisha inasema wazi jambo ambalo fomu nyingi za ruhusa hulificha: "Ukibadili mawazo kabla hatujatangaza, tutafuta. Ukibadili baada ya kutangaza, tutafuta ya kwetu, lakini waliorekodi kwenye simu zao hatuwezi kuwafikia." Sheria ya nchi ya mwaka 2019 kuhusu taarifa binafsi inataka mtu aridhie kabla taarifa zake hazijatumiwa. Haiwezi kurudisha sauti iliyokwisha kusambaa.

Kwa kipande hicho mzee alisema bado. Ana dada aliyeolewa Kasindi, upande wa Kongo, na nusu ya majina yale ni ya watoto wa dada huyo. Dada asikie kwanza. Kadi ya pili imevuka Mpondwe ndani ya mkoba wa muuza vitenge.

Kipande cha tatu ni Rwenzururu. Msomaji anaijua historia yenyewe: tangazo la kujitenga na Toro tarehe 30 Juni 1962, miaka ya msituni, ufalme kutambuliwa mwaka 2009, na Novemba 2016, jeshi lilipovamia ikulu ya mfalme mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakafa. Kisichokumbukwa sana ni kwamba kabla ya mikuki palikuwa na madaftari. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirane aliongoza chama cha kutafiti historia ya Wakonzo, akipita vijijini kuwauliza wazee asili yao. Chama hicho ndicho kilichozaa vuguvugu. Kwa hiyo mtu anayekuja Katwe na kinasa sauti kuuliza mambo ya mababu hafanyi kitu kigeni. Mzee, kwa mujibu wa mtayarishaji, alilisema hilo huku akicheka: hata Rwenzururu ilianza kwa kuulizana hivihivi.

Ndani ya kipande hicho anawataja watu aliokuwa nao milimani. Wengine wamekufa. Wengine wana watoto wanaotafuta kazi serikalini. Je, mzee anaweza kutoa ruhusa kwa niaba yao? Barua haikuuliza. Nilipomwonyesha mtayarishaji pengo hilo alinitazama kwa muda, akasema anaweza kuyafunika majina kwa mlio, lakini kijijini mtu hutambulika kwa kilima chake na kwa jina la ng'ombe wake, na ukifunika vyote hivyo hadithi inaisha.

Pia sikupata jibu kuhusu fedha. Kipindi kikirushwa kitakuwa na mdhamini, na tangazo lake litalipiwa. Mzee alipelekewa sukari na sabuni. Mtayarishaji hakuufurahia mpango huo, ila hana bajeti, na anaogopa kwamba msimulizi akilipwa kwa dakika, dakika zitaongezeka.

"Kadi ya Kasindi ikirudi na ndiyo, natangaza cha pili," aliniambia. "Ikirudi na hapana, nakifunga mpaka watakaponiambia nifungue. Mzee akitutoka kabla ya kujibu cha tatu, nani nimwulize? Watoto wake? Hao hawakuwapo. Ikulu? Polisi? Nimeliandika swali hilo kwenye rasimu ya barua nyingine, na kila nikifika kwenye 'Kwa Mheshimiwa' sina jina la kuweka."