Nani Anadaiwa Nini Chini ya Paa Moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili Tudor, Mombasa, ghorofa ya juu kabisa. Kodi ni shilingi 18,000, inalipwa tarehe 1 ya kila mwezi. Mpangaji mpya ameshalipa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya kiasi hicho hicho. Pamoja na mkataba, mama mwenye nyumba anamkabidhi barua ya kurasa mbili.

"Mwanangu," inaanza barua, "baada ya salamu, nataka ujue unachonidai kabla sijakwambia ninachokudai."

Mpangilio huo una maana. Mikataba mingi ya nyumba humwandikia mpangaji masharti kumi na mwenye nyumba moja au mawili, na mpangaji akadhani ndiyo basi. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaingiza ahadi za pande zote mbili ndani ya kila mkataba wa kupangisha, hata kama karatasi yenyewe imenyamaza. Na kwa nyumba kama hii ndiyo ya kutegemewa, kwa kuwa ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Kwanza ni matengenezo, chanzo cha ugomvi mwingi. Mpangaji anayechukua sehemu tu ya jengo hawajibiki kwa paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji machafu wala ngazi na ujia wa wote. Hayo ni ya mwenye nyumba. Nyumba ya kuishi pia lazima iwe inafaa kwa binadamu siku anapoingia, na ibaki hivyo. Mpangaji naye ana wajibu wa kutunza ndani ya nyumba. Kwa hiyo swali la kujiuliza si maji yanamwagikia wapi, ila yanatoka wapi. Dari likivuja masika kwa sababu ya paa, fundi ataitwa na mama. Sinki ikiziba kwa mabaki ya chakula, mpangaji atamlipa fundi mwenyewe.

Nyumba ikiungua au ikifurika maji pasipo uzembe wa mpangaji, hata isiweze kukalika, kodi husimama mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Barua inarefuka zaidi inapofika kwenye dipoziti, na inastahili. Imeambatanishwa na orodha ya hali ya nyumba, chumba kwa chumba, iliyotiwa saini na wote wawili: "Jikoni, kioo cha dirisha la kushoto kina ufa pembeni. Chooni, bomba la mkono linavuja kidogo." Mistari hiyo ndiyo itakayoamua hesabu ya mwisho.

Tuseme mpangaji anahama baada ya miaka miwili. Rangi ya sebuleni imepauka kwa jua. Huo ni uchakavu wa kawaida, haulipwi. Kioo chenye ufa kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini kioo cha chumbani kimevunjwa na mtoto, kukibadilisha ni 2,500, na bili ya maji ya mwisho ni 900. Kati ya 18,000 anarudishiwa 14,600. Pasipo orodha, ule ufa wa jikoni nao ungeingizwa kwenye hesabu, na asingekuwa na la kuonyesha.

Kodi ikichelewa, mama anaahidi hatatia kufuli mlangoni wala kung'oa mabati. Ahadi hiyo si hisani. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani, na kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Mama anaweza kuingia kukagua nyumba, ila kwa saa za kiungwana na kwa taarifa. Mpangaji kwa upande wake hana ruhusa ya kumpangishia mtu mwingine bila kibali cha maandishi, na mama hawezi kukinyima kibali hicho bila sababu ya maana.

Inabaki notisi, ambayo wengi huihesabu vibaya. Muda wa mkataba ukiisha na mpangaji akaendelea kukaa na kulipa kwa ridhaa ya mama, upangaji unakuwa wa mwezi hadi mwezi. Yeyote anayetaka kuuvunja atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo imalizikie siku ya kulipa kodi. Notisi iliyotolewa tarehe 12 Machi haiishi tarehe 12 Aprili. Inaishia tarehe 1 Mei, na kodi ya Aprili yote inalipwa.