Sikio Halikamati Kila Kosa

Insha yangu ya mwaka wa pili juu ya Rosa Mistika, ile riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka 1971, ilirudi na swali la kalamu nyekundu pembeni: "Kwa ng'ombe wangapi?" Nilikuwa nimeandika "mahari aliposoma Rosa". Na insha hiyo, ndugu msomaji, nilikuwa nimeisoma kwa sauti mara mbili, mwenzangu wa chumbani ni shahidi.

Si kwamba sauti haisaidii. Katika rasimu yake niliandika hivi: "Dhamira za riwaya hii ambayo mwandishi anaijenga kupitia familia ya Zakaria inaonekana wazi." Jicho lilipita tu, maana "riwaya" imekaa karibu na kuvuta vitenzi vyote upande wake. Nilipoisoma polepole, kidole chini ya kila neno, ulimi ukajikwaa kwenye "inaonekana". Nini inaonekana? Dhamira! Basi ikawa: "Dhamira anazozijenga mwandishi kupitia familia ya Zakaria zinaonekana wazi." Nikijikwaa naweka alama ya penseli na kuendelea, sisimami kusahihisha. Nikisimama narudia kusoma nilichokusudia badala ya kilichoandikwa.

Sasa ile mahari ilipenyaje? Lugha yetu ya nyumbani haitenganishi r na l, nami hutamka "mahari" na "mahali" sawasawa. Mdomo na sikio vilikubaliana kukosea. Kompyuta nayo isingenisaidia, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali.

Kwa makosa ya namna hiyo nina daftari. Nilichukua insha zangu tatu zilizokwisha sahihishwa, nikaorodhesha yaliyojirudia: r na l, upatanisho pale nomino inapokuwa mbali na kitenzi chake, na "kwa hiyo" ninayoiandika neno moja. Matatu tu, na kila moja nalitafuta peke yake, kuanzia mwanzo wa insha hadi mwisho. Isipokuwa la r na l: hilo naanzia aya ya mwisho nikirudi nyuma, ili hoja isinibebe, na neno nisilo na hakika nalo nalitazama kwenye kamusi. Inachosha kweli.

Kabla ya kazi hiyo nabadilisha sura ya insha: herufi kubwa zaidi, safu nyembamba, halafu nachapa upya. Mistari hukatika mahali pengine, na ile "ya ya" iliyojificha, moja mwisho wa mstari na nyingine mwanzo wa unaofuata, hujikuta pamoja katikati. Kama hela ya kuchapa hakuna, hata kwenye simu maandishi hujipanga upya ukikuza herufi.

Insha iliyofuata ilirudi bila mahari. Ila kulikuwa na "aliekuwa" mara nne badala ya "aliyekuwa", nalo kwangu husikika vilevile. Nimeliandika daftarini, la nne.