Shukrani baada ya kuvunja kamati

Kamati ya harusi nchini Tanzania hufanya kazi kwa miezi kadhaa: hukusanya ahadi, hudai michango, hutafuta ukumbi, mpishi na mapambo. Kazi ikiisha, kwa kawaida mwenyekiti hutuma ujumbe mmoja wa shukrani kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe huo una kazi yake: unatangaza kwamba shughuli imefungwa, na waliochangia wanajua mchango wao umefika.

Ugumu huanza kwenye majina. Katika kamati ya watu kumi na wawili, mwenyekiti akitaja watano, saba waliobaki husoma orodha wakijitafuta. Akiwataja wote kwa sifa zilezile, mweka hazina aliyekesha akilinganisha miamala ya simu na daftari hulingana na aliyehudhuria kikao kimoja. Kwa hiyo ujumbe wa wote ni bora ushukuru kamati kwa jumla na utaje matokeo, pamoja na hesabu.

Ujumbe wa faragha hubeba kile ambacho kundi halikukiona. Kwa mweka hazina unaweza kusema: “Dada, mpishi alipodai nyongeza asubuhi ya harusi, ulimtuliza kwa risiti ya malipo ya awali. Tusingejua la kufanya.” Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kutumwa kwa mjumbe mwingine bila kubadilisha neno, haujaandikwa bado. Inafaa utumwe ndani ya wiki, kabla mambo madogo hayajasahaulika, na usiambatane na ombi la kazi nyingine.